Akaunti ya Udhibiti: Shahidi wa Pili wa Madeni ya Kikundi

Maelezo yaliyotolewa Dallas, mjini Embu, kwa waweka hazina, makatibu na wakaguzi wa vikundi vya kujisaidia



Najua wengine mmetoka mbali, wengine upande wa Meru na wengine kule chini Mbeere, kwa hiyo sitawachosha kwa mambo mengi. Leo tuna jambo moja tu. Kikundi kikiwa na leja ya madeni, kitajuaje kama leja hiyo inasema kweli?

Zamani kidogo vikundi vyetu vingi vilikuwa vya kuchangiana kwa zamu. Pesa zinakuja mezani, zinahesabiwa, mwenye zamu anaondoka nazo siku hiyo hiyo. Hapo hakuna deni la kuandika. Lakini sasa vikundi vingi vimefungua stoo. Mwezi wa tatu mvua ya masika ikikaribia, mwanachama anachukua mbolea na mbegu bila pesa, atalipa maziwa au kahawa ikilipwa. Kikundi nacho kimechukua bidhaa hizo kwa mwenye duka mjini, bila pesa pia. Kwa hiyo kuna madeni ya pande mbili. Kuna watu wanaotudai, hao tunawaita wadai. Na kuna watu tunaowadai sisi, hao ni wadaiwa.

Kila mdaiwa ana ukurasa wake katika leja, na kila mdai vivyo hivyo. Kikundi cha watu 24 kinaweza kuandika mambo 100 au 150 kwa mwezi mmoja katika kurasa hizo. Mkono ukichoka, kosa moja linaingia, na kosa hilo halipigi kelele. Linakaa kimya mpaka siku ya kudai madeni, na hapo Mama fulani anaambiwa bado ana deni la pesa alizokwisha kulipa. Yeye ana risiti, sisi tuna leja. Hapo ndipo maneno yanapoanza, na mara nyingi anayelaumiwa ni mweka hazina, hata kama hakuchukua hata senti moja.

Dawa ya jambo hili inaitwa akaunti ya udhibiti.

Njia mbili za kufika mahali pamoja

Sikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho kiini cha maelezo yote.

Bidhaa ikitoka stoo kwa mkopo, huandikwa kwanza katika daftari la mauzo ya mkopo, siku ile ile. Pesa zikilipwa, zikiwa taslimu au kwa M-Pesa, huandikwa katika daftari la pesa. Gunia likirudishwa, huandikwa katika daftari la marejesho. Haya ndiyo madaftari ya siku. Kutoka hapo katibu huchukua kila mstari mmoja mmoja na kuupeleka kwenye ukurasa wa mwanachama katika leja.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ina mistari mingi, na kila mstari ni nafasi ya kukosea.

Njia ya pili ni fupi. Mwisho wa mwezi unajumlisha kila daftari la siku, unapata jumla moja tu kwa kila daftari. Jumla hizo unaziandika katika ukurasa mmoja wa peke yake. Huo ndio akaunti ya udhibiti ya wadaiwa. Haina majina ya watu. Inasema tu: mwanzo wa mwezi watu wote pamoja walikuwa na deni la kiasi hiki, wamechukua kiasi hiki, wamelipa kiasi hiki, wamerudisha kiasi hiki, kwa hiyo wamebaki na deni la kiasi hiki.

Sasa ukijumlisha mabaki ya wanachama wote 24 kutoka kwenye leja, jumla hiyo inapaswa kuwa sawasawa na baki la akaunti ya udhibiti. Ni maji ya chemchemi moja yaliyopitia mifereji miwili. Yakifika kwenye tangi na kiasi ni tofauti, basi kuna mfereji unaovuja. Bado hatujajua ni upi, wala ni mahali gani, lakini tumejua kuna kazi ya kufanya.

Kawaida hii ya kuandika kila jambo pande mbili ili upande mmoja uushuhudie mwingine ni ya siku nyingi. Mtawa wa shirika la Wafransisko, Luka Pacioli, aliieleza katika kitabu chake kilichochapwa Venisi mwaka 1494. Alifuata desturi ya wafanyabiashara wa mji ule. Sisi tunaifuata kwa stoo zetu za mbolea.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Nimeona vikundi ambavyo katibu anajumlisha leja, kisha anachukua jumla hiyo hiyo na kuiandika katika akaunti ya udhibiti. Lo, bila shaka zitakubaliana! Ni kama mtu kujitazama kwenye kioo na kusema amepata shahidi. Akaunti ya udhibiti lazima itoke kwenye jumla za madaftari ya siku. Kamwe isitoke kwenye leja.

Tufanye hesabu ya mwezi mmoja

Tuchukue kikundi cha mfano chenye wanachama 24 na stoo ndogo. Tunafunga hesabu za mwezi wa Machi. Mkaguzi wa kikundi amejumlisha madaftari ya siku na kupata hivi:

Akaunti ya udhibiti ya wadaiwa, Machi

Deni la wanachama wote, Machi 1: shilingi 46,000
Ongeza mauzo ya mkopo: 83,500
Jumla: 129,500
Toa pesa zilizolipwa, taslimu 38,200 na M-Pesa 21,400: 59,600
Toa bidhaa zilizorudishwa: 2,700
Toa deni lililokatwa kwa wadai: 2,000
Baki, Machi 31: shilingi 65,200

Katika daftari lenye pande mbili, yale yanayoongeza deni la wanachama yanakaa kushoto, upande wa debiti. Yale yanayopunguza yanakaa kulia, upande wa krediti. Lakini hata mkiandika kwa kushuka chini kama nilivyofanya hapa, hesabu ni ile ile.

Ile 2,000 ya mwisho inahitaji neno moja. Mwanachama mmoja ana pikapu, naye alitubebea mbolea kutoka mjini. Kwa usafiri huo anatudai, na kwa mbolea aliyochukua tunamdai. Tumekubaliana naye tukate shilingi 2,000 huku na huku badala ya kulipana pesa mkononi. Kwa hiyo zimetoka kwenye deni lake kwetu, na lazima zitoke pia kwenye deni letu kwake. Tutaziona tena upande wa wadai. Watu wengi hukata upande mmoja na kusahau wa pili.

Sasa katibu naye anasoma mabaki ya leja, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwanachama wa 24. Jumla yake inakuja shilingi 67,600.

Akaunti ya udhibiti inasema 65,200. Leja inasema 67,600. Tofauti ni 2,400.

Ngojeni kwanza. Kuna mtu hapo nyuma amesema polepole, "Pesa zimeliwa." Hapana. Tofauti hii haisemi kwamba sandukuni kumepungua pesa. Inasema kwamba maandishi mawili hayakubaliani. Kama mnataka kujua kuhusu pesa zenyewe, hesabuni sanduku, halafu linganisheni daftari la pesa na taarifa ya benki na ya M-Pesa. Huo ni ukaguzi mwingine. Tusimtie mtu aibu kwa kosa la kalamu.

Namna ya kulitafuta kosa

Msianze kwa kupekua leja yote. Ziko hatua, na mkizifuata kwa mpango mnaweza kulipata kosa kabla chai haijapoa.

Kwanza, jumlisha upya. Jumlisha tena madaftari ya siku, hasa pale jumla ya ukurasa mmoja inapopelekwa juu ya ukurasa unaofuata, maana hapo ndipo tarakimu hubadilika njiani. Jumlisha tena orodha ya mabaki. Angalia kama kuna mwanachama aliyerukwa au aliyeandikwa mara mbili. Kumbukeni kwamba akaunti ya udhibiti nayo huandikwa na binadamu. Inaweza kuwa yenyewe ndiyo imekosea. Katika mfano wetu tumejumlisha upya, na jumla zote ziko sawa.

Pili, tafuta kiasi chenyewe. Je, kuna mstari wowote wa 2,400 katika madaftari ya siku? Ukiwapo, huenda ni malipo yaliyosahauliwa yasifike kwenye leja, au ni mauzo yaliyoandikwa mara mbili. Tumepitia, hakuna 2,400 mahali popote.

Tatu, gawanya kwa mbili. Nusu ya 2,400 ni 1,200. Sasa tafuta 1,200. Kwa nini nusu? Ukichukua malipo ya 1,200 ambayo yalipaswa kupunguza deni, ukayaweka upande wa kuongeza, umekosea mara mbili. Hukupunguza 1,200, tena umeongeza 1,200 nyingine. Baki linakuwa kubwa mno kwa 2,400.

Katika daftari la pesa tunakuta malipo ya M-Pesa ya shilingi 1,200, tarehe 14, kutoka kwa mwanachama nambari 17. Tunafungua ukurasa wake. Alianza mwezi na deni la 2,100. Akachukua mbolea ya 2,600, deni likawa 4,700. Alipolipa 1,200 alipaswa kubaki na 3,500. Lakini leja inasema 5,900! Kumbe katibu aliandika malipo upande wa kushoto, kama kwamba mtu huyu alichukua bidhaa nyingine.

Tunasahihisha. Msifute kwa wembe wala msipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi yake kando, tia tarehe na saini. Baki la nambari 17 linakuwa 3,500, na jumla ya leja inashuka kutoka 67,600 hadi 65,200. Sasa mashahidi wawili wamekubaliana.

Fikirini kama hatungefanya hesabu hii. Mwanachama nambari 17 angedaiwa 2,400 zaidi ya deni lake. Na kama ni mtu mpole asiyependa maneno, angelipa tu, halafu asirudi tena kikundini.

Upande wa wadai

Sasa tugeukie watu wanaotudai. Hapa mambo yamegeuka: bidhaa tunazochukua zinaongeza deni letu na zinakaa kulia, na pesa tunazolipa zinapunguza na zinakaa kushoto. Jumla zinatoka kwenye daftari la ununuzi wa mkopo, daftari la pesa na daftari la marejesho.

Akaunti ya udhibiti ya wadai, Machi

Deni letu kwa wadai wote, Machi 1: shilingi 52,000
Ongeza ununuzi wa mkopo: 71,400
Jumla: 123,400
Toa pesa tulizolipa: 58,000
Toa bidhaa tulizorudisha: 1,500
Toa deni lililokatwa kwa wadaiwa: 2,000
Baki, Machi 31: shilingi 61,900

Mnaiona ile 2,000 ya mwenye pikapu? Imerudi, kama tulivyosema.

Katika leja kuna wadai wanne tu. Mwenye mbolea anatudai 31,200. Mwenye mbegu, 12,400. Mwenye chakula cha ng'ombe, 14,900. Mwenye pikapu, 2,500. Jumla yake ni 61,000. Akaunti ya udhibiti inasema 61,900, kwa hiyo leja imepungukiwa na 900.

Tunafuata hatua zetu. Tumejumlisha upya, ziko sawa. Tumetafuta 900, hakuna. Tumetafuta nusu yake, 450, nayo hakuna. Sasa inakuja hatua ya nne: gawanya kwa tisa. 900 ukigawanya kwa tisa unapata 100 kamili, hakuna kilichobaki. Hiyo ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Sababu ni rahisi. Ukiandika 54 badala ya 45, umekosea kwa 9. Ukiandika 83 badala ya 38, umekosea kwa 45, ambayo ni tisa mara tano. Jaribuni nyumbani na tarakimu zozote mbili, tofauti itagawanyika kwa tisa daima. Na jibu la kugawanya linakuonyesha pa kutazama. Sisi tumepata 100, kwa hiyo tarakimu zilizobadilishana ziko kwenye nafasi za maelfu na mamia, nazo zinapishana kwa moja tu, kama 6 na 5.

Tunapitia daftari la ununuzi. Kuna ankara ya chakula cha ng'ombe ya shilingi 16,500. Katika leja imeandikwa 15,600. Ndiyo hiyo! Tunaitoa ankara yenyewe kwenye faili ili tujue ni upande gani wenye kosa, na ankara inasema 16,500. Deni la mwenye chakula cha ng'ombe si 14,900, ni 15,800. Jumla inakuwa 61,900.

Kwa wadai tuna msaada mwingine ambao hatuna kwa wadaiwa. Mwenye duka naye ana leja yake. Mwombeni taarifa ya kila mwisho wa mwezi, muilinganishe na ukurasa wake katika leja yenu. Ikisema 15,800, mmemaliza kazi. Ikisema vingine, ulizeni kabla ya kulipa.

Hiyo tisa inashika kosa lingine pia, la sifuri iliyodondoka. Tuseme malipo ya 4,500 yameandikwa 450. Tofauti ni 4,050. Gawanya kwa tisa, unapata 450, yaani kiasi kile kile kilichoandikwa kwa makosa. Basi ukigawanya kwa tisa, litafute pia lile jibu lenyewe katika leja.

Lakini msiyafanye haya kuwa uganga. Nambari inaweza kugawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Tena kukiwa na makosa mawili kwa mwezi mmoja, tofauti zake zinachanganyika na ishara zote zinapotea. Kama tungekuwa na kosa la 2,400 na la 900 katika leja moja, yote mawili yakiongeza, tofauti ingekuwa 3,300. Haigawanyiki kwa tisa, na nusu yake 1,650 isingepatikana popote. Hapo hakuna njia ya mkato. Watu wawili wakae pamoja, mmoja asome madaftari ya siku mstari kwa mstari, mwingine atie alama kwenye leja. Mstari utakaobaki bila alama, au alama itakayokosa mstari, ndilo kosa.

Ndiyo maana nasema mfunge hesabu kila mwezi. Anayengoja Desemba ana mistari elfu moja na zaidi ya kupitia, na makosa yamekwisha kuoana na kuzaa.

Na ikishindikana kabisa kulipata? Msilazimishe. Msiongeze kiasi bandia kwenye ukurasa wa mtu ili jumla zikubaliane. Iandikeni tofauti hiyo peke yake katika akaunti ya muda, pamoja na tarehe, itajwe katika kumbukumbu za mkutano, na msako uendelee.

Mambo ambayo shahidi huyu hayaoni

Hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu kikundi kinachoamini akaunti ya udhibiti kupita kiasi kinaweza kulala usingizi mzito.

Kosa la kwanza asiloliona ni la kumwandikia mtu asiye mwenyewe. Huku kwetu tunawapa watoto majina ya babu na nyanya zao, na majina yanarudi rudi. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na Njeru watatu na Kawira wawili. Kawira mmoja analipa 1,500, katibu anaiandika kwa Kawira wa pili. Jumla ya leja haibadiliki hata shilingi moja. Akaunti ya udhibiti inakubali, kila mtu anafurahi, kumbe mmoja amesamehewa deni lake na mwenzake amedhulumiwa. Dawa yake ni nambari. Kila mwanachama awe na nambari yake, na iandikwe kwenye risiti, kwenye daftari la siku na kwenye leja. Malipo ya M-Pesa ndiyo yenye hatari zaidi, maana mara nyingi mtu hulipa kwa simu ya mume, ya mke au ya mtoto, na jina linalokuja si la mwanachama. Mwelezeni alipaye aitaje nambari yake siku hiyo hiyo.

La pili ni jambo lisiloandikwa kabisa. Mwanachama ametoa 1,000 bila kupewa risiti, na haikufika katika daftari la pesa. Leja haijui, na akaunti ya udhibiti haijui. Zote mbili zimekubaliana katika kutojua. Hapa kinga ni kitabu cha risiti chenye nambari zinazofuatana, na mkaguzi aangalie kwamba hakuna nambari iliyorukwa.

La tatu ni kosa lililoanzia kwenye daftari la siku lenyewe. Magunia mawili yametoka, limeandikwa moja. Kosa limeingia kwenye chemchemi, kwa hiyo mifereji yote miwili imebeba maji yale yale machafu. Litaonekana kwa kuhesabu stoo.

La nne ni makosa mawili yanayofunikana, moja likiongeza 300 na lingine likipunguza 300. Ni nadra, lakini hutokea.

Kwa hayo yote kuna dawa moja iliyo bora kuliko zote: mwanachama mwenyewe. Kila mwezi kila mtu apewe baki lake, likiwa limeandikwa kwenye kijitabu chake, alilinganishe na risiti zake. Kama kikundi kimekubaliana hivyo, mabaki yasomwe mkutanoni kwa nambari. Akaunti ya udhibiti inahakikisha jumla ni sahihi, na mwanachama anahakikisha sehemu yake ni sahihi. Mkiwa na moja bila nyingine, ukuta una tundu.

Na wale mnaotumia kompyuta au simu kuweka hesabu, haya yanawahusu pia. Kwenye programu nyingi za hesabu, unaandika jambo mara moja tu, na mashine yenyewe inalipeleka kwenye leja na kwenye akaunti ya udhibiti. Kwa hiyo zitakubaliana karibu siku zote, lakini kukubaliana huko hakusemi kama umemchagua Kawira aliye sahihi.

Nani ashike kitabu gani?

Mtu mmoja akishika kila kitu, shahidi wa pili amekufa. Kwa kikundi kidogo napendekeza hivi. Mweka hazina apokee pesa, aandike risiti na daftari la pesa. Katibu aandike leja ya wanachama na ya wadai. Mkaguzi, au mwanachama mwingine asiyegusa pesa wala leja, ajumlishe madaftari ya siku na kushika akaunti za udhibiti nyumbani kwake. Siku ya kufunga mwezi, katibu aje na jumla yake na mkaguzi aje na yake, kila mmoja akiwa ameiandika kwenye karatasi kabla ya kuonana. Zisomwe pamoja mbele ya mwenyekiti.

Kikundi ambacho hakijawahi kuwa na akaunti hii kinaanzaje? Chagueni tarehe moja, tuseme siku ya kwanza ya mwezi ujao. Orodhesheni baki la kila mwanachama, na kila mmoja atie saini au dole gumba kwamba anakubali. Fanyeni hivyo kwa wadai pia kwa kutumia taarifa zao. Jumla za siku hiyo ndizo zitakuwa baki la kuanzia. Hiyo ni mara moja tu ambapo jumla ya leja inaruhusiwa kuingia katika akaunti ya udhibiti. Baada ya hapo, kila kitu kitoke kwenye madaftari ya siku. Hata mkutano ukimsamehe mjane deni lake, au ukimtoza mtu faini ya kuchelewa, iandikwe kwanza kwenye daftari la marekebisho, ndipo iende kwenye leja na kwenye udhibiti. Nimeona mara nyingi tofauti iliyosumbua kikundi wiki nzima, na mwishowe ikawa ni deni lililosamehewa kwa mdomo, katibu akalifuta kwenye leja peke yake.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini daftari lililo moja tu nalo linaweza kutudanganya bila kukusudia. Kwa hiyo tutakapokutana tena, kila kikundi kije na karatasi moja yenye jumla mbili: ile ya leja na ile ya udhibiti. Zisipokubaliana msione haya, leteni hivyo hivyo pamoja na madaftari yenu ya siku, tutakaa tuzitafute pamoja.